Kuandika storibodi kwa maneno bila kuchora: tangazo la sekunde 30 la dagaa wa Kigoma, shoti kwa shoti

Kama huchori bado unaweza kutengeneza storibodi, yaani ule mpango wa video unaoeleza kila shoti kabla hamjarekodi, na kwa kazi ndogo ndogo za huku kwetu mimi naona ya maneno inafaa kuliko ya michoro, sababu unaituma kama meseji, kameramani anaisoma kwenye simu akiwa njiani anakuja Kibirizi hapa Kigoma, na mteja akitaka kitu kibadilike unafuta mistari miwili tu, huanzi upya. Shida ni kwamba wengi tukiambiwa tuandike tunaandika hadithi. Utakuta mtu kaandika "mama anaanika dagaa kwa furaha, mandhari ya ziwa yanapendeza". Hiyo sio shoti. Kameramani akisoma hapo hajui asimame wapi, kamera iwe juu au chini, dagaa waonekane wakubwa kiasi gani, shoti ianze na nini na iishie wapi, kwa hiyo anaamua mwenyewe, na ukikaa kuediti unakuta vipande havishikani.

Nitaelekeza kwa kazi moja tuliyofanya hapa Kigoma. Mama mmoja anapaki dagaa wakavu, ana wateja Tabora na Dodoma, akataka tangazo la sekunde 30 la kuweka stetasi na kutuma kwenye magrupu. Simu wima, bajeti ndogo, siku moja ya kushuti.

Anza na kitu kimoja cha kuonyesha

Kabla ya shoti yoyote nilimuuliza, mama, mteja wako akilalamika kuhusu dagaa huwa analalamika nini? Akajibu bila kufikiria, "Mchanga, mwanangu. Anasema amekula mchanga." Nikamuuliza wako je? "Wangu naanika juu ya chanja, mchanga utatoka wapi?"

Basi tangazo ni hilo. Dagaa hawa hawana mchanga kwa sababu wameanikwa kwenye chanja. Sentensi hiyo niliiandika juu kabisa ya ukurasa na kila shoti niliyoandika baadae niliipima hapo. Mama mwenyewe alitaka sana shoti ya mitumbwi inarudi alfajiri na taa zake, na kweli ni shoti nzuri, ila haisemi chochote kuhusu mchanga na ingekula sekunde 5 kati ya 30, tukaitoa. Nilimwelewa maana kila mtu wa hapa anaipenda ile picha, lakini mtu wa Dodoma anayekaguakagua dagaa sokoni anataka kujua kama watoto wake watatafuna mchanga au hapana.

Gawa sekunde kabla hujaandika shoti

Chukua karatasi, andika 1 mpaka 9 kwenda chini, kila namba mpe sekunde zake, jumlisha. Nilichopata mimi mara ya kwanza ilikuwa sekunde 36. Hapo ndio pa kukata, kwenye karatasi, sio siku ya kushuti wakati jua linapanda na watu wamechoka.

Anza na shoti ya mwisho kwanza, ile yenye pakiti, jina na namba ya simu. Watu wengi wanaiachia sekunde moja au mbili zinazobaki, halafu mtazamaji hawahi kusoma namba. Mimi naipa 3 na siigusi. Zikabaki 27 kwa shoti 8. Baada ya hapo kila kitendo nilikifanya mwenyewe jikoni huku simu inahesabu sekunde, na hili nakuomba usiliruke kwa sababu kichwani vitendo huwa vifupi kuliko vilivyo. Nilidhani kuweka dagaa kwenye bakuli, kumimina maji, kuwaosha na kuwatoa ni sekunde 4. Nilipofanya kweli ilikuwa 11. Kwa hiyo nikaigawa kuwa shoti mbili, ya kwanza inaishia maji yakiwa yanamiminika, ya pili inaanza mkono ukiwa tayari ndani ya maji, na ule muda wa kuosha katikati hauonekani kabisa. Mtazamaji anaujaza mwenyewe.

Kila shoti ijibu maswali yale yale kwa mpangilio ule ule

Mpangilio ninaotumia ni huu: ukubwa wa picha, kamera iko wapi, kinachoonekana mwanzo wa shoti, kinachotokea, kinachoonekana mwisho wa shoti, sauti, sekunde, halafu inavyoingia shoti inayofuata. Ukizoea kuandika kwa mpangilio mmoja na kameramani anazoea kusoma, akifika sehemu ya kamera hata haulizi.

Ukubwa wa picha nautaja kwa maneno matatu tu, waidi kwa picha pana, midiamu kwa ya kati na klozapu kwa ya karibu, lakini siachi neno peke yake. Klozapu ya mtu mmoja ni uso mzima na klozapu ya mwingine ni jicho. Nataja picha inakatwa wapi. Mfano "klozapu, kuanzia chini ya pua mpaka kidevuni, shavu la kulia linaonekana". Midiamu, "kuanzia kiunoni mpaka juu kidogo ya kichwa". Ukisema inakatwa wapi juu na chini umemaliza ubishi.

Kamera iko wapi ndio sehemu watu wanaiandika vibaya kuliko zote. Ina mambo matatu ndani yake: umbali, kimo, na upande. Kimo kiandike kwa kitu kinachoonekana pale pale, usiandike "kamera chini" maana chini ya nani? Andika "kamera usawa wa kifundo cha mguu" au "usawa wa meza ya chanja" au "juu kabisa, inatazama chini moja kwa moja kama kifuniko cha sufuria". Kimo kinabadilisha maana. Dagaa kwenye mchanga nimewashuti kamera ikiwa usawa wa kifundo ili mchanga uonekane mkubwa mbele ya lenzi na miguu ya watu ipite. Wa kwenye chanja nikaweka kamera usawa wa chanja yenyewe, ili chini yake ionekane hewa tupu mpaka ardhini. Bila kusema neno mtu ameshaona tofauti.

Upande una mambo ya jua. Mimi nimekulia Tabora, na kazi yangu ya kwanza kuja kufanya Kigoma niliandika kwenye storibodi "jua linachomoza juu ya ziwa, mtumbwi unaonekana kivuli cheusi". Tukadamka saa kumi na moja, tukakaa ufukweni, jua likatokea nyuma yetu upande wa mji. Ziwa Tanganyika hapa liko magharibi, ng'ambo yake ni milima ya Kongo, jua linazama kule halichomozi. Siku nzima ikaharibika kwa sababu ya mstari mmoja ambao ningeukagua kwa kusimama pale jioni moja tu. Tangu siku hiyo kila shoti ya nje naandika kamera inatazama upande gani na saa ngapi. Asubuhi ukitazama ziwa, jua liko mgongoni kwako na vitu vinaonekana wazi lakini bapa, havina kivuli. Ukitaka dagaa wang'ae ule ung'avu wa fedha, simama pembeni jua liwapige kutoka ubavuni likiwa bado chini, kwa hiyo kamera inatazama kaskazini au kusini ukingo wa ziwa unavyokwenda.

Kwa shoti za watu wawili upande una sheria nyingine. Chora mstari kichwani kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwenzake, halafu kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo kwenye shoti zote. Kwenye tangazo letu baba anakula mkekani na mama amekaa ng'ambo anamtazama. Niliandika "baba anatazama kulia kwa picha" na shoti inayofuata "mama anatazama kushoto kwa picha". Kamera ikivuka mstari wote wawili watatazama upande mmoja na itaonekana kama wanamtazama mtu wa tatu ambaye hayupo. Andika "kulia kwa picha", usiandike "kulia" peke yake, maana kulia kwa baba ni kushoto kwa kamera na hapo ndio mnaanza kuzungushana.

Maneno ambayo kamera haiyaoni

Ukimaliza rasimu pitia ufute kila neno ambalo haliwezi kupigwa picha. Kwa furaha, kwa upendo, mazingira mazuri, dagaa bora, anakumbuka, anajisikia vibaya. Badala yake andika kinachofanya mtu ajue. Kwenye rasimu yangu shoti ya kwanza ilikuwa "baba anakerwa na mchanga". Ikawa "baba anatafuna, taya linasimama ghafla, halisogei". Unaona hiyo mwigizaji anaweza kuifanya na kameramani anaweza kuiona.

Na shoti moja ibebe kitendo kimoja. Ukiona neno "halafu" mara mbili kwenye shoti moja ujue hizo ni shoti mbili au tatu umezibana, na sekunde ulizoandika hazitatosha.

Storibodi yenyewe

Juu kabisa niliandika: simu wima, maandishi yote yakae katikati ya picha kwa sababu juu na chini huwa kunafunikwa na vitufe vya simu. Halafu:

Shoti 1. Klozapu, chini ya pua mpaka kidevuni. Kamera usawa wa mdomo, ubavuni, baba anatazama kulia kwa picha. Mwanzo: anatafuna. Taya linasimama ghafla. Mwisho: limesimama, halisogei. Sauti: kutafuna, "kru" moja, kimya. Sekunde 3. Kukata moja kwa moja.

Shoti 2. Midiamu, mama kuanzia kiunoni, amekaa mkekani, anatazama kushoto kwa picha. Kamera usawa wa macho yake. Mwanzo: ameinua tonge. Analishusha taratibu. Sauti: kimya, kuku kwa mbali. Sekunde 2. Kukata moja kwa moja.

Shoti 3. Waidi, dagaa wametandazwa kwenye mchanga. Kamera usawa wa kifundo cha mguu, inatazama kaskazini, saa moja na nusu asubuhi, haitembei. Watu wawili wanapita kwa mbali, mchanga unaruka. Mwisho: mguu wa mtu wa tatu unakuja karibu mpaka unafunika lenzi, picha inakuwa nyeusi. Sauti ya mama: "Dagaa wakianikwa chini, mchanga unaingia." Sekunde 4. Kukata picha ikiwa nyeusi.

Shoti 4. Mwanzo: nyeusi, kiganja cha mama kimefunika lenzi. Kiganja kinaondoka, tunaona chanja, dagaa juu ya wavu, chini yake hewa mpaka ardhini. Midiamu, kamera usawa wa chanja, inateleza taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Mkono unawatandaza. Sauti ya mama: "Sisi tunaanika juu ya chanja." Sekunde 5. Kukata moja kwa moja.

Shoti 5. Klozapu kutoka juu, bakuli jeupe limejaa katikati ya picha. Dagaa wakavu wanadondoka ndani, maji yanaanza kumiminwa. Sauti: dagaa wakigonga bakuli, maji. Sekunde 3. Kukata moja kwa moja.

Shoti 6. Kamera pale pale, bakuli pale pale. Mwanzo: mkono uko ndani ya maji. Unawainua dagaa na kutoka kwenye picha. Mwisho: sakafu ya bakuli nyeupe, maji yametulia, hamna chembe. Sauti ya mama: "Ona mwenyewe." Sekunde ya mwisho inaanza kusikika sauti ya kukaanga. Sekunde 4. Kukata kwa umbo.

Shoti 7. Klozapu kutoka juu, sufuria iko katikati, duara lake ukubwa ule ule wa bakuli la shoti 6. Mawese, nyanya, kitunguu, dagaa wanatumbukizwa. Sekunde 3. Kukata moja kwa moja.

Shoti 8. Picha ile ile ya shoti 1, kimo kile kile, upande ule ule. Baba anatafuna, anaendelea, hasimami. Sauti: kutafuna tu. Sekunde 3. Kukata moja kwa moja.

Shoti 9. Midiamu, pakiti mkekani, sahani tupu pembeni, kamera haitembei. Maandishi: jina na namba. Sauti ya mama: "Dagaa wa chanja. Hawana mchanga." Sekunde 3.

Jumlisha utapata 30.

Transishen inaandikwa kwenye shoti zote mbili

Transishen ni namna shoti moja inavyoingia nyingine, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo storibodi ya maneno inaposhindwa kama hukuwa makini. Mtu anaandika "transishen kali" katikati ya shoti mbili na kumwachia edita. Edita hana cha kufanya kama mwisho wa shoti moja na mwanzo wa nyingine hazikupangwa. Angalia ya 3 na 4. Giza linatoka kwa mguu na linaendelea kwenye kiganja, kwa hiyo mwisho wa 3 nimeandika mguu unafunika lenzi mpaka nyeusi na mwanzo wa 4 nimeandika kiganja kimefunika lenzi. Kama ningeandika kwenye moja tu, ile nyingine ingeshutiwa bila giza na hakuna programu ya kuediti ingeirudisha vizuri.

Ya 6 na 7 ndio kukata kwa umbo, duara kwa duara. Masharti yake ni mawili, duara likae sehemu ile ile ya picha na liwe ukubwa ule ule. Sufuria yetu ilikuwa kubwa kuliko bakuli, kwa hiyo kamera ilibidi ipande juu zaidi. Tulishuti bakuli kwanza, tukapiga skrinishoti, tukaishika pembeni wakati tunapanga sufuria. Utajuaje imeharibika? Ukicheza zile shoti mbili mfululizo jicho linaruka kutafuta duara. Ikiwa sawa jicho halisogei, rangi tu ndio inabadilika kutoka nyeupe kwenda nyekundu ya mawese. Na ile sauti ya kukaanga kuanza sekunde moja kabla inasaidia sana, mtu anasikia chakula kabla hajakiona na anabaki kusubiri.

Hizo mbili zinatosha. Zingine zote ni kukata tu. Picha kufifia mpaka nyeusi kunamwambia mtazamaji muda umepita au stori imeisha, ukiweka katikati ya tangazo la sekunde 30 wengi wataona limekwisha na watatelezesha kwenda lingine. Kwa filamu fupi ya dakika 10 kufifia kuna kazi yake, mfano usiku kwenda asubuhi, lakini hata huko andika sababu pembeni. Ukikosa sababu, kata.

Mpe mtu asome bila wewe kuongea

Nilimpa storibodi dogo mmoja ambaye hakujua kazi inahusu nini, nikamwekea mezani bakuli, kikombe na vijiko viwili kama watu, nikamwambia soma kila shoti uweke simu yako mahali kamera inapokaa. Nikanyamaza. Alienda vizuri mpaka shoti 2 akauliza, "Kaka, huyu mama anaonekana na baba au peke yake?" Sikuwa nimeandika. Nikaongeza "mama peke yake, bega la baba halionekani". Kila swali analouliza ni mstari uliosahau, usimjibu kwa mdomo, jibu kwa kuandika.

Kuipanga kwa ajili ya siku ya kushuti

Storibodi inafuata namba, kushuti hakufuati. Toa nakala, zikusanye shoti kwa mahali na mwanga. Sisi tulianza na 3 na 4 asubuhi ufukweni, halafu 1, 8 na 2 kivulini, kisha 5, 6, 7 jikoni, mwisho 9. Ya 1 na 8 tulizishuti zikifuatana bila kugusa kamera, ndio njia ya uhakika ya zile picha kulingana. Sauti ya "kru" tulirekodi pembeni kwa kusaga chembe za sukari kati ya vijiko viwili karibu na simu, na sauti ya mama tulirekodi ndani, sababu upepo wa ziwa unaingia kwenye maiki na hautoki.

Halafu kagua tarehe. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku, mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki na wavuvi wengi wanapumzika, ukipanga kushuti siku hizo utakuta chanja tupu. Pia ziwa huwa linafungwa kupumzisha samaki, mwaka 2024 lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Kwa hiyo kabla hujalipa kameramani piga simu kwa mtu wa mwaloni umuulize jana usiku walitoka, na wiki ijayo mwezi utakuwaje, kisha tarehe utakayopata iandike juu kabisa ya storibodi, chini ya ile sentensi ya mchanga.